Nimo kwenye orodha ya mchujo, ofisi imenyamaza: niandikeje?

*Assalamu alaikum, Mzee wa Masijala.*

*Mimi ni binti wa Faza, umri wangu miaka 26. Mwezi wa tatu niliomba kazi ya ukarani katika ofisi moja ya umma huku kwetu Lamu, jina lake nalistiri. Tarehe 14 Aprili orodha ya waliopita mchujo ilibandikwa ubaoni, nami ni wa 27, ila jina langu limeandikwa Mwana Aisha badala ya Mwanaisha. Chini pameandikwa kwamba tutajulishwa tarehe ya mahojiano. Leo ni wiki sita, kimya. Simu haishikwi. Nilimtumia ofisa mmoja wasap, tiki zikawa buluu, basi. Jirani asema wengine wameshaitwa.*

*Nimeandika barua ya kurasa mbili, nakuletea uione kabla sijaituma. Mama aogopa. Asema tangazo lilionya kwamba atakayetafuta upendeleo ataondolewa. Je, kuandika ni kosa? Na mdogo wangu wa kidato cha pili yumo kwenye orodha ya shirika la hisani la ufadhili wa masomo, nao wamenyamaza. Je, niwapelekee barua iyo hiyo?*

*Mwanaisha, Faza*

---

Wa alaikumus salaam, binti yangu.

Mpe mama salamu zangu, umwambie hajakosea kuogopa, ila kitu anachokiogopa hakimo katika kuandika. Kimo ndani ya barua yenyewe, aya ya tatu, pale uliposema baba hayuko hai, nyumba nzima yakutegemea, na kwamba hakuna binti wa Faza aliyewahi kupata nafasi kama hiyo. Maneno yale yanaomba ufikiriwe, na huko ndiko kutafuta upendeleo. Kuuliza tarehe ya mahojiano ni jambo jingine kabisa. Mpaka ninaoutumia ni huu: swali linalohusu utaratibu, yaani lini, wapi na kwa njia gani, ni halali kwa kila aliye kwenye orodha. Sentensi inayohusu kwa nini uchukuliwe wewe ina mahali pake, nako ni kwenye maombi ya kwanza na ndani ya chumba cha mahojiano.

Kwa kipimo hicho hicho, futa mstari wa mwisho uliosema "Nakala kwa Mheshimiwa Diwani". Najua ulikotoka. Kwetu barua isiyo na mkubwa chini yake huonekana yatima. Lakini diwani hana kazi katika mchujo ule, na katibu atakayeona jina lake hatauliza umeitwa au hukuitwa, atauliza wewe ni mtu wa nani. Ile wasap kwa ofisa nayo usiirudie. Amefanya vyema kutokujibu.

Sasa nikuonyeshe barua hupita wapi, maana mimi miaka yangu ya kazi niliimaliza nyuma ya kaunta ya masijala. Barua ikifika, karani huifungua, huipiga muhuri wa tarehe, huiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, kisha huitafutia jalada. Hapo ndipo barua nyingi hupotea bila ya mtu kuzipoteza. Karani hasomi kurasa mbili. Anasoma kichwa cha barua, na akikuta namba ya kumbukumbu ya tangazo, analijua jalada papo hapo. Anaifunga ndani, anaipa namba ya folio, na jalada linapanda kwa ofisa anayehusika. Akikuta kichwa kama chako, "KUH: MALALAMIKO NA MAOMBI", anaitia kwenye jalada la barua za jumla, na huko, mwanangu, inakaa na mialiko ya harusi na matangazo ya wauza samani.

Kwa sababu hiyo barua moja ibebe jambo moja. Ya kwako imebeba matatu: unauliza tarehe, unalalamika kuhusu simu, na unadai wengine wameitwa kwa mlango wa nyuma. Hilo la tatu umelisikia kwa jirani. Pengine kweli wameitwa, na pengine wameitwa kihalali, wewe ukakosekana. Kabla ya kumshuku mtu, toa nakala ya maombi yako uangalie uliandika anwani gani. Nimeona kwenye barua yako ya sasa umetumia sanduku la posta la shule uliyosomea. Ikiwa ndilo ulilowapa mwezi wa tatu, basi huenda wito wako uko kwenye kabati la mwalimu mkuu tangu mwanzo wa Mei. Mpigie karani wa shule leo. Kisha angalia kama laini ya simu uliyoiandika ndiyo unayoitumia, na kama uliwapa barua pepe, fungua na lile folda la taka. Mimi naweka hili mbele ya yote kwa kuwa nimeona mara nyingi mtu analaumu ofisi kwa wito uliotumwa mahali alipokwisha kuhama.

Jambo la jina nalo si dogo. Mlango wa chumba cha mahojiano una mtu mwenye orodha mkononi, na huyo hulinganisha orodha na kitambulisho. Sisi wa Amu na Pate twajua kwamba Mwanaisha na Mwana Aisha ni mtu mmoja, lakini mlinganishaji huenda ametoka mbali na hilo halijui. Nimekwambia barua moja jambo moja, na bado nakwambia sahihisho la jina liingie kwenye barua hii hii. Sababu ni kwamba linakwenda kwenye jalada lile lile na kwa ofisa yule yule, tena linamsaidia kukupata. Liweke kama taarifa, si kama lawama. Usiandike "mmekosea jina langu". Andika jina lilivyo ubaoni, kisha lilivyo kwenye kitambulisho, uambatanishe nakala.

Sura ya barua waijua tangu shule: anwani yako juu kuliani, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushotoni, mtajo, kichwa, mwili, kimalizio. Ulipoteleza ni kwenye mtajo na utangulizi. "Mpendwa Katibu" acha, huyo si mchumba wako. "Natumai barua hii itakukuta salama" nayo ni ya barua ya ndugu. Wazee wetu wa Amu waliokuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu walikuwa na utangulizi mrefu wa heshima na salamu kabla ya kufika "wabaadu", ndipo habari yenyewe ianze. Ulikuwa uandishi mzuri, na mimi naupenda, lakini barua ya ofisi leo yaanzia pale penye wabaadu. Andika "Kwa Bwana/Bibi", kisha kichwa. Ukitumia KUH: au MINT: hakuna atakayekulaumu. YAH: utaiona zaidi kwa jirani zetu wa Tanzania.

Mwandikiwa ni cheo, si mtu. Mwandikie yule aliyetia sahihi tangazo, kwa cheo chake, hata kama unalijua jina lake na mnasali msikiti mmoja. Maofisa huhamishwa, na barua yenye jina la mtu humfuata mtu huyo, jalada likabaki.

Hii hapa barua yako niliyoiandika upya. Penye nukta jaza mwenyewe.

> S.L.P. ……,
> LAMU.
> Simu: ……………
>
> 26 Mei 2025
>
> Katibu,
> ……………………………,
> S.L.P. ……,
> LAMU.
>
> Kwa Bwana/Bibi,
>
> KUH: TAREHE YA MAHOJIANO, NAFASI YA ……………, TANGAZO KUMB. NA. ……………
>
> Jina langu ni la 27 katika orodha ya walioteuliwa kwa mahojiano iliyotolewa na ofisi yako tarehe 14 Aprili 2025 kwa nafasi iliyotajwa hapo juu. Ilani hiyo ilieleza kwamba tutajulishwa tarehe ya mahojiano. Kufikia leo sijapokea taarifa yoyote.
>
> Naomba kujulishwa kama mahojiano ya nafasi hii yamekwisha kufanyika, na kama bado, yatafanyika tarehe gani na mahali gani.
>
> Katika orodha jina langu limeandikwa Mwana Aisha ……………. Kwenye kitambulisho changu na katika maombi yangu ni Mwanaisha …………… Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho ili kumbukumbu zirekebishwe.
>
> Anwani na namba ya simu zilizo juu ya barua hii ndizo ninazotumia sasa. Kwa kuwa naishi Faza na husafiri kwa boti, nitashukuru nikipata jibu kabla ya tarehe 13 Juni 2025.
>
> Wako mwaminifu,
>
> *(sahihi)*
>
> Mwanaisha ……………
>
> Kiambatisho: Nakala ya kitambulisho

Itazame ile sentensi ya mwisho. Boti haikutajwa ili wakuhurumie. Imetajwa kwa sababu inaeleza tarehe, na tarehe ndiyo inayoitembeza barua. Ofisa akiona 13 Juni, huweza kuandika pembeni ya jalada kwamba lirudishwe mezani siku kadhaa kabla yake, na karani wa masijala ana shajara ya kazi hiyo. Ukiandika "naomba jibu haraka iwezekanavyo" humpi siku ya kuandika. Nimeichagua wiki ya pili ya Juni kwa makusudi: Madaraka mwaka huu wa 2025 yaangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu tarehe 2 ni mapumziko, na wiki hiyo hiyo kuna Idi ya kuchinja. Wiki moja ungewapa siku tatu za kazi.

Jina la nafasi linakili lilivyo kwenye tangazo, herufi kwa herufi. Kama tangazo lilikuwa kwa Kiingereza, barua yako yaweza kuwa ya Kiswahili bila tatizo, kwani Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini jina la nafasi usilitafsiri. Kuna karani, karani msaidizi na karani wa masijala, na tafsiri yako yaweza kukupeleka kwenye jalada la mwenzako.

Chapisha nakala mbili, utie sahihi zote mbili. Moja waachie, ya pili waipige muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Muhuri ule ndio utakaokufaa baadaye, kuliko hata barua yenyewe. Ikiwa kaunta hawana muhuri au hawataki, andika mwenyewe kwenye nakala yako siku, saa na jina la aliyepokea, mbele yake. Ikiwa huwezi kuvuka, itume posta kwa rejista na uhifadhi risiti. Barua pepe itume siku hiyo hiyo, na kichwa chake kiwe kile kile cha KUH, neno kwa neno, ili mtu akizikuta mbili ajue ni moja.

Tarehe 13 Juni ikipita kimya, barua ya pili haiwi ukumbusho wa kubembeleza. Inabadilika jina na nguvu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, bila ada ya kuwasilisha ombi na bila kulazimika kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 tangu kupokea. Kichwa andika "OMBI LA HABARI CHINI YA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI, 2016", umwelekee mkuu wa ofisi, kwa kuwa ndiye sheria inayemhesabu kuwa ofisa wa upatikanaji wa habari, na uulize mambo matatu tu: mahojiano ya nafasi hiyo yamefanyika au la, yalifanyika tarehe gani, na walioteuliwa walijulishwa kwa njia gani. Usiulize alama za wenzako wala majina ya walioitwa. Habari za binafsi za watu zimewekewa mipaka katika sheria hiyo, na swali moja lisilojibika huwapa kisingizio cha kuyakataa yote.

Tuhesabu. Ukiipeleka Jumatatu tarehe 16 Juni na ikapigwa muhuri siku hiyo, siku 21 zaishia tarehe 7 Julai. Sheria inawaruhusu kuongeza mara moja, kwa siku zisizozidi 14, pale habari ikiwa nyingi au ikihitaji kushauriana na wengine, lakini swali lako la mistari mitatu halihitaji hayo. Wakinyamaza hadi siku hizo ziishe, kimya chao kinahesabiwa kuwa ni kukataa. Hapo una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu waijuayo kwa jina la Ombudsman. Waona sasa kazi ya muhuri: bila ya tarehe ya kupokelewa, hizi siku huna pa kuanzia kuzihesabu.

Na ukijibiwa kwamba mahojiano yalikwisha na wewe hukujulishwa, hapo ndipo pa malalamiko, yakiwa na jibu lao lenyewe kama ushahidi. Ikiwa ofisi uliyoistiri ni bodi ya ajira ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa siku 90 tangu uamuzi kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi. Lakini sheria haitakufaa ikiwa wito wako wa halali uko kabatini shuleni, ndiyo maana nimekutuma huko kwanza.

Katika kungoja huku, mtu akikupigia akasema jalada lako liko juu na linahitaji "kusukumwa" kwa kiasi fulani, kata simu. Orodha ikishabandikwa ubaoni, majina yenu ameyaona kila mpita njia.

Sasa mdogo wako. Barua iyo hiyo haifai, na sababu si adabu. Shirika la hisani kwa kawaida halina masijala ya namna niliyoeleza, mara nyingi lina mratibu mmoja na barua pepe moja. Zile siku 21 ziliwekewa ofisi za umma. Huanzi na sheria kwa mtu anayetoa chake. Hapa mwandikie mtu aliyetajwa kwenye ilani, kwa jina lake ikiwa limetajwa, kwa barua pepe, na barua yenyewe yenye sahihi uiambatanishe. Kwa kuwa mdogo wako yuko kidato cha pili na hajafika miaka 18, mwandishi na mtia sahihi ni mama au mlezi aliyetajwa kwenye fomu. Wewe unaweza kuwa mkono wa kuandika tu.

Na swali lake ni tofauti. Huko ofisini unauliza tarehe. Huku mama aeleze tarehe ambayo shule inataka karo, kisha aulize kama uamuzi utakuwa umetoka kufikia siku hiyo, na kama kuna hati iliyokosekana kwenye jalada la mtoto. Swali hilo la hati usilidharau. Mara nyingi mtoto hukaa kwenye orodha kwa sababu fomu ya ripoti ya shule haikufika au barua ya chifu haina muhuri, na shirika halitafuti, linangoja. Mistari sita yatosha. Hadithi ya hali ya nyumbani walishaisoma kwenye fomu, ndiyo iliyomweka kwenye orodha. Wakikaa wiki mbili bila kujibu, mama apige simu mara moja, saa za kazi, ataje tarehe ya barua pepe ile.

Ya kwako chapisha Jumanne hii uivushe ndani ya wiki. Ukingoja Jumatatu ijayo utapata boti, utapata na maji, lakini utakuta kaunta imefungwa.

Mzee wa Masijala